Jinsi ya kumwandikia mwenzako wa kazini barua ya kuomba radhi baada ya kusambaza picha uliyombandika sura

Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka kumi na moja. Zamani vijana waliniletea kesi za kuchelewa kazini na ugomvi wa zamu. Siku hizi wanakuja na simu mkononi: "Katibu, nilimbandika dada wa mapokezi sura kwenye picha, nikatuma kwenye grupu, sasa haongei na mimi. Niandike nini?" Maswali ni yaleyale, na makosa ya barua zao ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua kuyaandika mara moja.

Mwongozo huu ni wa kijana aliyefanya utani wa picha ya kubadilisha sura, akatumia sura ya mwenzake bila kumuuliza, na sasa anajua amekosea. Kama picha uliyotengeneza ni ya uchi au ya mambo ya chumbani, hata kama kwako ilikuwa mzaha, usiendelee kusoma hapa. Hiyo ni kesi ya mwanasheria, na barua ya kujiandikia usiku inaweza kuwaumiza nyote wawili.

Nitatumia kisa kimoja nilichokishika mwenyewe. Nimeondoa majina, na ofisi naiacha bila kuitaja. Kijana wa stoo, miaka ishirini na sita, alikuwa na miezi minne tu kazini. Jioni ya Ijumaa alichukua picha ya prufaili ya mhasibu wetu, akaitia kwenye programu ya kubadilisha sura, akampachika kwenye mwili wa bibi harusi. Bwana harusi akampa sura ya dereva wetu mzee. Akaandika chini yake "Hatimaye!" na kuituma kwenye grupu la kazini lenye watu 41. Watu wakacheka. Kufika Jumamosi asubuhi picha imeshafika kwa wifi wa mhasibu, naye akapiga simu kuuliza ameolewa lini. Mhasibu alikuwa amefiwa na mume miezi minane tu iliyopita.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi mbili tatu na kalamu. Rasimu iandike kwa mkono. Ukiandika kwenye simu kidole kitaituma kabla ya akili.
- Simu iliyotuma picha, ikiwa bado haijafutwa chochote.
- Mtu mmoja wa kukusomea, asiyekuwa kwenye grupu lile na asiyecheka haraka. Mama mzazi anafaa. Rafiki aliyeweka emoji ya kucheka hafai.
- Saa moja au mbili bila haraka, ndani ya siku tatu tangu ulipojua kosa. Barua ikichelewa wiki mbili inasomeka kama imetokana na kubanwa.

Hatua ya 1: Andika njia iliyopita picha, kisha uifute

Mpangilio huu una maana yake. Karibu kila kijana hukimbilia kufuta kwanza, na akishafuta hajui tena nani aliona.

Kwenye WhatsApp, bonyeza ujumbe wenyewe kwa muda, kisha fungua `Info`. Utaona nani ameusoma na nani umemfikia tu. Andika majina hayo kwenye karatasi, pamoja na saa uliyotuma. Kama uliiweka pia kwenye status, angalia waliotazama kabla ya saa 24 kuisha. Kazi hii ni ya dakika tano. Kijana wa stoo alipata majina ishirini na tisa ya waliosoma, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Mpaka dakika ile alikuwa akisema "watu wachache".

Baada ya hapo futa kwa `Delete for everyone`. Nafasi hiyo hudumu kama siku mbili na nusu tangu kutuma. Ikipita, mwombe adimini wa grupu ajaribu kuifuta yeye. Usijidanganye kwamba imeisha: aliyeihifadhi kwenye galari bado anayo, na aliyeisambaza ameshaitoa mikononi mwako.

Halafu wapigie, kwa sauti, wale unaojua waliisambaza. Usitume tangazo la "jamani futeni ile picha" kwenye grupu, maana hata waliokuwa hawajaiona wataanza kuitafuta. Mwisho ondoa nakala zako: kwenye galari, kwenye pipa la taka la simu, na ndani ya programu yenyewe uliyotumia, maana nyingi huweka kumbukumbu ya kazi zako. Futa pia picha ya prufaili uliyoihifadhi. Hii wengi huisahau, na ndiyo mali ya mwenyewe.

Angalizo: kama ofisi imeshafungua uchunguzi, mwambie afisa utumishi kabla hujafuta chochote. Kufuta kimyakimya wakati uchunguzi unaendelea kutaonekana kama kuficha ushahidi.

Hatua ya 2: Tenganisha barua mbili

Hapa ndipo wengi wanapotea njia. Ipo barua ya kujieleza, ambayo mwajiri anakutaka uandike baada ya kukupa tuhuma. Ile ina utaratibu wake, ina anuani mbili, ina "Yah", na inajibu maswali ya mwajiri. Na ipo barua ya kuomba radhi, ambayo hakuna aliyekuagiza, na msomaji wake ni mtu mmoja. Ukiandika moja ukaitoa nakala kwa wote wawili, mwajiri hatapata majibu yake na mwenzako ataona umemtumia kama daraja la kuokoa ajira.

Usimwekee nakala afisa utumishi kwenye barua ya radhi. Usiandike "Nakala: Meneja". Barua hii inaishia kwa mwenye sura.

Hatua ya 3: Jua kosa lako hasa ni lipi

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, jaza hii kwenye karatasi ya pembeni: "Kosa langu ni kwamba…"

Kijana wa stoo alijaza hivi: "Kosa langu ni kwamba sikujua amefiwa." Nikamrudishia. Je, asingefiwa, ingekuwa sawa? Akakaa kimya. Akajaza tena: "Kosa langu ni kwamba utani ulizidi." Nikamrudishia tena. Kuzidi ni kupita kipimo, na kipimo hakuwa amepewa na mtu. Mara ya tatu aliandika: "Sikumuuliza." Hapo nikamwambia sasa unaweza kuanza.

Tofauti hii si ya maneno tu. Ukiomba radhi kwa sababu utani haukuchekesha, au kwa sababu yalitokea madhara usiyoyategemea, unasema kwamba safari ijayo, kwa mtu ambaye hajafiwa, utafanya tena. Sura ya mtu ni yake hata siku asipokuwa na msiba wowote.

Kuna wanaoniambia, "Lakini sisi ni watani." Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana wanatupiana maneno ambayo mwingine angepigiwa polisi. Kweli kabisa, na mimi mwenyewe nina watani wangu wanaonitukana mpaka msibani. Ila angalia utani ule unavyofanyika: mnatazamana, mtani wako anaweza kukurudishia papo hapo, na walio karibu wanajua ninyi ni watani. Picha haitazamani na mtu. Mwenye sura hayupo kujibu, na wifi aliyeipata Jumamosi asubuhi hajui kuna utani wowote. Kwa hiyo neno "utani" liache nje ya barua. Msomaji akiliona atajua bado unajitetea.

Hatua ya 4: Andika rasimu, kisha utafute visingizio ndani yake

Rasimu ya kwanza iandike upendavyo. Itakuwa mbaya, haina neno. Hii ndiyo iliyoletwa kwangu Jumatatu:

> Yah: KUOMBA RADHI
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukuomba samahani kwa picha iliyotumwa kwenye grupu siku ya Ijumaa ambayo ilileta sintofahamu. Lengo lilikuwa ni utani tu kama tulivyozoeana hapa kazini, na sikuwa na nia mbaya. Kama ulijisikia vibaya naomba unisamehe, mimi ni binadamu na wote tunateleza. Pole sana kwa yaliyotokea. Natumaini ombi langu litakubaliwa.
>
> Wako katika ujenzi wa taifa.

Tuichambue, maana nimeiona barua hii kwa mikono kumi tofauti.

"Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni lugha ya kuomba likizo. Mwenzako anayekaa meza tatu kutoka kwako haandikiwi hivyo. Unamwita nani kila siku? Dada? Kaka? Mama fulani? Anza na hilo. Na "ujenzi wa taifa" uache taifa lipumzike.

"Picha iliyotumwa." Na nani? Kiswahili kina mlango huu mzuri wa kutorokea: ilitumwa, ilisambaa, ilivuja, ikatokea sintofahamu. Kila kitenzi kinafanya kazi peke yake na hakuna mtu chumbani. Pitia rasimu yako uzungushie duara kila kitenzi kinachohusu picha, kisha hakikisha kinaanza na "ni": nilichukua, nilibandika, nilituma. Kikikataa kuanza na "ni", kiulize kwa nini.

"Kama ulijisikia vibaya." Hilo "kama" linamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Likate.

"Sikuwa na nia mbaya." Huenda ni kweli. Lakini nia ni habari zako wewe, na barua hii haikuhusu wewe. Ukitaka kusema kuwa hukujua jambo fulani, liseme mara moja tu, na uongeze kwa nini hukujua.

"Wote tunateleza." Usimshirikishe kwenye kuteleza kwako. Yeye siku ile hakuteleza popote.

Maneno ya kuombea nayo yana uzito tofauti. "Samahani" tunaitumia hata tukimkanyaga mtu kwenye daladala, kwa jambo hili ni nyepesi. "Pole" ni neno la mtu aliye pembeni ya msiba. Aliyeusababisha akisema "pole kwa yaliyotokea" anajisogeza upande wa wanaofariji. "Nakuomba radhi" ndilo neno lenyewe. Liseme mara moja, mwishoni, ukishamaliza kusema ulichofanya. Ukilirudia kila aya linageuka kuwa kelele.

Hatua ya 5: Taja madhara unayoyajua tu

Andika madhara ambayo yeye mwenyewe ameyasema mbele yako, au yamesemwa kwenye kikao ulichokuwepo. Ya umbea usiyaandike. Akisoma kwenye barua yako jambo ambalo hakumwambia mtu, ataanza kujiuliza nani anamzungumzia, na utakuwa umemwongezea jeraha la pili. Katika kisa chetu, mhasibu mwenyewe alimweleza afisa utumishi, na afisa akamweleza kijana kwa ruhusa yake. Ndiyo maana msiba na simu ya wifi vimetajwa kwenye barua. Vinginevyo visingetajwa.

Wala usimweleze anavyojisikia. "Najua umedhalilika sana" ni kumpangia moyo wake. Taja lililotokea, yeye anajua alivyolipokea.

Hatua ya 6: Sema ulichokwisha kufanya, na ukomo wake

Hapa tumia karatasi ya hatua ya 1. Andika saa uliyofuta, na watu uliozungumza nao wangapi. Halafu useme wazi ambalo huwezi kulifanya. Vijana wanapenda kuandika "nimeiondoa kabisa mtandaoni". Huna uwezo huo. Picha ikirudi baada ya mwezi, ahadi hiyo itakuwa uongo ulioandikwa kwa mkono wako.

Kuhusu kutoa maelezo kwenye grupu, usifanye bila idhini yake. Wengine wanataka kosa lirekebishwe palepale lilipofanyika. Wengine wanaona ni kufukua kaburi. Mwandikie maneno utakayoyatuma, ayaone, achague. Umeshamtumia mara moja bila kuuliza, usimtumie mara ya pili kwa kujisafisha.

Hatua ya 7: Nakili barua safi

Ukurasa mmoja. Hii ndiyo iliyotoka baada ya rasimu nne:

> Kwako dada yangu,
>
> Ijumaa tarehe 8, saa 1:12 usiku, nilichukua picha yako ya prufaili bila kukuuliza. Niliibandika sura yako kwenye picha ya bibi harusi, pembeni nikaweka sura ya mzee wetu dereva, nikaandika maneno chini yake na kuituma kwenye grupu la kazini lenye watu 41. Nilifanya mwenyewe, hakuna aliyenituma.
>
> Kosa langu ni kwamba sikukuuliza. Sura ni yako, nami niliitumia kama yangu. Sikujua kuwa umefiwa na mume wako. Sikujua kwa sababu sikuuliza, na hata usingefiwa nilipaswa kukuuliza.
>
> Picha ilipotoka ilifika kwa wifi yako, na wewe ukalazimika kujibu kwa jambo ambalo hukulifanya. Hilo nimekusababishia mimi.
>
> Niliifuta kwenye grupu Jumamosi saa 3 asubuhi. Watu 29 walikuwa wameshaisoma. Watatu walikubali kuwa wameisambaza. Nimezungumza nao, wawili wamefuta mbele yangu, mmoja amesema ilishatoka kwake na hawezi kuirudisha. Nimefuta nakala zangu zote pamoja na picha yako niliyoihifadhi. Siwezi kukuahidi kwamba haimo kwenye simu ya mtu mwingine.
>
> Ukitaka niandike kwenye grupu, nitaandika hivi: "Picha ya harusi niliyotuma Ijumaa niliitengeneza mimi bila ruhusa ya waliomo. Si ya kweli. Aliyenayo naomba aifute." Ukitaka nimweleze wifi yako, nitafanya hivyo kwa namna utakayosema. Usipotaka, sitafanya lolote kati ya hayo. Unaweza kunijulisha kupitia kwa afisa utumishi. Si lazima unijibu.
>
> Nakuomba radhi.

Chini yake jina lake kamili, sahihi na tarehe. Basi.

Angalia alichokiacha. Hakusema hata meneja alicheka, ingawa meneja alicheka kweli. Hakusema hawezi kulala. Hakusema ana mama anayemtegemea. Hakuandika "naomba unijibu ili moyo wangu utulie".

Hatua ya 8: Fikisha barua

Karatasi, ndani ya bahasha, imefungwa. Usiitume kwa WhatsApp: kilichomuumiza kimepita humo humo, na barua nayo itapigwa skrinishoti.

Mpe mkononi mahali ambapo watu wengine wapo lakini hawasikilizi. Kwenye ngazi wakati wa kutoka panafaa. Usimwite chumba cha peke yenu, na usimwekee mezani mbele ya wenzake wakaanza kuuliza ni barua ya nini. Sema sentensi moja: "Dada, nimekuandikia, usome ukipata nafasi." Kisha uondoke, kwa miguu yako, bila kugeuka kuangalia kama anafungua.

Kama ameshasema hataki kukuona, mpe afisa utumishi bahasha iliyofungwa amuulize kwanza kama anaipokea.

Mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni zawadi. Soda, vocha, kitenge, hapana. Akipokea ataonekana amelipwa, akikataa ataonekana ana roho mbaya. La pili ni kumtuma mzee akuombee. Najua kwetu jambo zito halisemwi na mwenye kosa, linasemwa na mtu mzima, na kwenye mambo ya ukoo nakubaliana. Kazini ni tofauti. Mzee akishakaa mbele yake na kusema "mwanangu, msamehe mdogo wako", hana pa kutokea. Msamaha wa namna hiyo nimeuona ukitolewa asubuhi na malalamiko yakiandikwa jioni.

Hatua ya 9: Mkumbuke mwingine aliyemo kwenye picha

Katika kisa chetu hakuna aliyemfikiria dereva. Sura yake nayo ilichukuliwa, na ana mke nyumbani mwenye simu. Kijana alimwandikia barua yake tofauti, fupi, yenye mistari kama minane. Usinakili ile ya kwanza ukabadilisha jina. Watu wanaofanya kazi pamoja husomeana.

Kuhusu sheria, kwa ufupi

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kabla yake ilikuwepo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 Kamishna wake alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Utani wa kijana mmoja si biashara ya kilabu, lakini usidhani picha ya mtu ni jambo lisilo na mwenyewe kisheria.

Wengine huniuliza kama barua haitageuka ushahidi dhidi yao. Inaweza. Kama amesharipoti polisi au kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ongea na mwanasheria kabla ya kuandika neno. Kama hajaripoti, mimi ninawaambia waandike. Picha yenyewe ilitoka kwenye namba yako mbele ya watu 41, barua haimwambii mtu jambo jipya kuhusu nani alifanya.

Mambo yakikwama

*Amekataa kupokea.* Irudishe nyumbani, usijaribu tena kwa njia nyingine. Usiipitishe chini ya mlango. Yale unayoweza kuyafanya bila yeye, kama kuzungumza na waliosambaza, yaendeleze.

*Amepokea na wiki imepita kimya.* Uliandika si lazima ajibu. Salamu endelea kutoa kama kawaida, ya kazi jibu kama kawaida. Ukimuuliza "dada ulisoma?" umeifuta sentensi ile.

*Amejibu kwa hasira.* Msikilize mpaka mwisho. Jibu linalotosha ni "Nimekusikia." Akisema jambo ambalo si sahihi, kwa mfano kwamba ulituma kwenye magrupu mawili na wewe ulituma moja, lisahihishe siku nyingine na kwa afisa utumishi, kama lina umuhimu kwenye kesi. Siku ile liache lipite.

*Ameionyesha barua kwa wengine.* Ni yake. Ndiyo sababu unapaswa kuandika ukurasa ambao hutaona aibu ukisomwa kantini.

*Picha imerudi baada ya wiki kadhaa.* Ikionekana imepitishwa na mtu mwingine, mwambie aliyeituma aifute, kisha umjulishe mwenye sura kabla hajaambiwa na mtu: "Dada, ile picha imeonekana tena leo kwenye grupu fulani. Nimemwambia aliyeituma aifute, amefuta saa 8." Usimpelekee nakala ili "aone mwenyewe". Nimeshuhudia kijana akifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

*Mwajiri amekupa barua ya kujieleza wakati huohuo.* Ijibu kwa wakati uliopewa, na usiambatanishe barua ya radhi kama kielelezo. Ukiulizwa kikaoni kama umemwomba radhi, sema ndiyo na tarehe. Kama kikao kinataka kujua yaliyomo, waambie wamuulize yeye kama anaridhia.

*Uliyemkosea ni mkubwa wako au ni bosi.* Hatua ni zilezile, unabadilisha wito tu. Usiongeze unyenyekevu. "Mheshimiwa" tatu kwenye aya moja zinanuka woga wa kufukuzwa.

*Umegundua amebadilisha picha ya prufaili, ameweka ua au ameiacha tupu.* Mhasibu wetu alifanya hivyo Jumamosi ileile, na mpaka leo lipo waridi. Kijana aliniuliza kama amwambie anaweza kurudisha picha yake, kwamba sasa ni salama. Nikamwambia akae kimya.